Salamu Nilizozikata

Nimeandika habari hii mara tatu na kuichana mara mbili, kwa sababu mara zote mbili nilijikuta ninajitetea. Shule niliachia kidato cha pili, na hesabu nyingi nilizijulia kwenye simu. Kwa hivyo huenda kuna mahali nitakosea. Lakini ile kumi na nane na ile arobaini na moja sikuzikosea. Nilizisoma sawasawa, na hilo ndilo linanichoma.

Nafanya kazi katika duka la mipira ya dripu hapa Kibwezi, ile mipira myeusi yenye vitundu ya kumwagilia shamba tone kwa tone. Kazi yangu ni matangazo ya video mtandaoni, yale ya kulipia, ili mkulima wa Makueni au Kitui akiyaona abonyeze na kututumia ujumbe. Wakati huo tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa mwanaume wa mji wa Kabati, amenizidi miaka kama kumi, aliyekuwa akipiga video za harusi na za mazishi kabla ya kuja kwetu. Nilimwita kaka.

Kila mmoja alitengeneza video yake. Yangu ilianza na mbuzi anayetafuna mpira. Mpira unapasuka, maji yanampiga usoni, anaruka kama ameona nyoka. Yake ilianza na mama mkulima wa nyanya amesimama shambani kwake, anasalimia kwa Kikamba. Alisalimia kama tunavyosalimia huku: habari ya nyumbani, ya watoto, ya ng'ombe, ya mvua ambayo haijaja. Sekunde saba zilipita kabla hajautaja mpira.

"Kaka, kata hizo salamu," nilimwambia. "Mtu ana kidole kwenye kioo, hatakungojea."

"Wewe ukienda bomani kwa mtu unaanza na bei?"

"Hapa si bomani. Ni kwenye simu."

"Na simu yenyewe iko wapi? Si iko bomani?"

Alicheka peke yake. Hakuzikata.

Tuliziweka hewani siku moja, kila video na bajeti yake, sawa kwa sawa, kwa watu wa maeneo yale yale. Hapo haki ilitendeka, nasema hivyo kwa sababu ni mimi niliyepanga.

Sasa nieleze vipimo. Cha kwanza wenye kazi hii hukiita hook rate. Mimi nakiita kunasa. Unachukua mara ambazo video ilitazamwa angalau sekunde tatu, unagawa kwa mara zote ilizoonyeshwa. Cha pili, hold rate, ni kushikilia: kati ya hao walionaswa, ni wangapi walifika sekunde ya kumi na tano. Halafu kuna bei ya kila tokeo, na kwetu tokeo ni ujumbe wa mteja.

Siku ya tatu, mbuzi wangu alinasa arobaini na moja katika kila mia. Mama wa nyanya alinasa kumi na nane. Kwenye kushikilia, mbuzi alibaki na tisa tu katika kila mia walionaswa, na mama akabaki na arobaini na nne. Ukizidisha, katika kila mara mia video ilipoonyeshwa, waliofika sekunde ya kumi na tano hawakutimia wanne kwa mbuzi, na kwa mama walikaribia wanane. Ujumbe mmoja kwa mbuzi ulitugharimu shilingi mia moja na kumi na mbili. Kwa mama, thelathini na nane.

Asubuhi hiyo bosi alituita stoo, katikati ya mizigo ya mipira. Alisema biashara imelegea na ana nafasi ya mtu mmoja wa video, si wawili. Akaninyooshea mkono.

"Nionyeshe kwenye simu yako. Nani anavuta watu?"

Jedwali la vipimo hivyo ni pana kuliko kioo cha simu. Safu ya kunasa niliiweka mwenyewe mwanzoni, kwa sababu niliipenda. Ili uione ya kushikilia na ya bei, lazima usukume kwa kidole kwenda kushoto. Nilimpa simu jinsi ilivyokuwa.

"Arobaini na moja kwa kumi na nane!" bosi akasema. "Hii hata si mashindano. Mzee wa salamu, umewasalimia mpaka wameenda zao."

Mwenzangu alinitazama. "Sukuma mbele, dada," akasema polepole. "Mwonyeshe na zile zingine."

"Zingine zipi?" bosi akauliza, na simu yake mwenyewe ikalia, akatoka nje kuipokea. Aliporudi alikuwa ameshaamua kwamba nibaki mimi. Mimi nilikuwa na muda wote ule wa kusukuma kidole, na sikusukuma.

Nimejiambia mengi tangu siku hiyo. Kwamba siku tatu ni chache, ujumbe bado ni wa kuhesabika, na bei ya siku za kwanza hupanda na kushuka. Ni kweli, na mtu yeyote wa kazi hii atakwambia hivyo. Lakini hata ile arobaini na moja ilikuwa ya siku tatu zilezile, na hiyo sikuitilia shaka. Halafu kuna daftari langu. Asubuhi ile, kabla ya kuitwa, niliandika 112 na 38, moja chini ya nyingine, na hii ya pili nikaipigia mstari. Siwezi kusema sikuiona.

Jioni hiyohiyo mwenzangu alichukua begi lake la kamera, akarudi Kabati. Hakunitukana. Heri angenitukana.

Nilizima video yake. Wiki iliyofuata mbuzi alitujazia ujumbe kama huu: "Huyo mbuzi alipona?" na "Mnauza mbuzi?" Na kila mmoja ulihesabiwa kuwa tokeo, kwa hivyo hata ile mia moja na kumi na mbili ilikuwa inatupamba; bei ya mteja wa kweli ilikuwa juu zaidi. Nikaiwasha ya mama, ila nikakata salamu kwanza, nione kama mimi ndiye niliyekuwa sahihi. Kunasa kulipanda hadi thelathini. Kushikilia kulianguka hadi kumi na tano, na bei ikapita tisini. Siijui sababu kwa uhakika. Nadhani salamu zile ziliwapitisha vijana wasio na shamba, zikawabakisha wenye nalo.

Mama wa nyanya aliiona. Akaja dukani na kitambaa chake cha kanisa kichwani.

"Mbona mmeniingiza kwa watu bila hodi? Dada zangu wa kanisani wanauliza nimepotezea wapi adabu."

Nilirudisha salamu zote za sekunde saba. Bei ikashuka chini ya arobaini, ikatulia hapo. Ndipo nilipomwendea bosi nikamwambia yote, na daftari nikamfungulia.

Alisoma, akalifunga. "Kwa hivyo unataka nikuondoe wewe nimrudishe yeye?"

Nilikuwa nimejibu swali hilo njia nzima toka nyumbani. Pale mbele yake nikachukua daftari langu, nikaliweka kwapani.

"Basi rudi kazini," akasema.

Video ile bado inaendeshwa. Ndiyo inayoleta wateja, na mshahara unaotokana nayo napokea mimi. Wiki iliyopita mama alileta nyanya mbili za kuonja, akauliza yule kijana wa kamera yuko wapi siku hizi.

"Yuko kwao Kabati."

"Msalimie sana. Mwambie watu wananipigia mpaka kutoka Malili."

Nilimwambia nitamfikishia. Namba ya kaka ninayo. Leo ni siku ya tisa, na sijampigia.