Shikamoo ya Mama wa Usafi

Shangazi yangu, aliyenilea, alitaka jibu kabla ya magharibi: watu wa Kwashemshi, wa upande wa mwanaume, waje Handeni kwetu Jumapili kuleta barua ya posa, au wasije. Mimi nilikuwa Korogwe, kwenye mgahawa, nimekaa mbele ya huyo anayetaka kuniposa, na jibu sikuwa nalo.

Si kwamba hakunipendeza. Alikuwa na duka la pembejeo, mpole, na simu zangu alikuwa anapokea. Lakini upole wa mwanaume anayekutaka hauniambii kitu. Kwangu ana anachotafuta. Nimewahi kuhudumu mezani mgahawani, wanaume wa hivyo nawajua. Tena mchumba aliyemtangulia alikuwa na maneno matamu kwangu na kwa kila mhudumu, mpaka siku niliporudi mgahawani kuchukua mwavuli niliousahau nikamsikia akimfokea mama wa usafi, mtu mzima wa kumzaa: "We, huoni napita?" Kumbe wema wake ulikuwa wa mbele ya macho yangu tu. Tangu siku hiyo natazama mtu anavyokaa na watu wasio na cha kumpa, hasa mambo yakiharibika, na hasa akidhani simwoni.

Sasa na huyu, mhudumu alipofika, hakumsalimia. Hata kumtazama hakumtazama. "Wali samaki, mbili," basi. Moyo ukanishuka. Nikajisemea, haya, tumemaliza, nile samaki wangu nirudi nyumbani.

Ukaja wali nyama. Mwenye mgahawa akapaza sauti kutoka kaunta, "Umekosea tena?" Yule dada akabaki ameshika sahani, macho chini. Mwenzangu akawahi kujibu, "Hajakosea, mama. Mimi ndiye niliyebadilisha." Akaivuta sahani, akaanza kula.

Nilifurahi, halafu nikashtuka. Amedanganya, tena bila kupepesa macho! Na mimi si nilikuwa pale pale? Nitajuaje kama wema ule haukuwa wa kunionyesha mimi? Nikaaga kwenda msalani.

Nilipotoka nilisimama nyuma ya tangi la maji kufunga upya mtandio. Mama wa usafi wa pale alikuwa anapiga deki ukumbini. Mwenzangu akatokea upande wa pili, anatafuta pa kunawa, akasimama pale maji yalipoanzia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nipite wapi nisikuharibie kazi?"

Mama akamwelekeza azungukie nje. Akazunguka, na jua lote lile, na mimi hakuniona. Jamani, nilishusha pumzi nimeegemea tangi, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

Ila lile la mhudumu lilikuwa bado linanikera, nami si mtu wa kumeza jambo. Tena nilitaka nione anavyopokea kuambiwa. Niliporudi mezani nikamuuliza kwa nini hakumsalimia yule dada.

"Sikumsalimia?" Akageuka kumtafuta yule dada kwa macho. "Nilikuwa na hofu. Maneno ya kukuambia nimeyakariri tangu nyumbani, nikaingia nayo mdomoni hivyo hivyo, naogopa yasije yakadondoka."

Tulipoinuka akamfuata mwenyewe. "Dada, nimeingia bila hata salamu. Unisamehe." Yule dada akacheka, akasema alidhani tumetoka kugombana. Nami nikaona nilivyokuwa karibu kumkosa mtu kwa dakika moja, maana kwa dakika moja woga na dharau vinafanana sana.

Alikodi gari linirudishe Handeni, akapanda naye anisindikize. Nilikaa nyuma na furaha yangu. Katikati ya njia tairi likapasuka. Jua lilikuwa linashuka na shangazi ananisubiri, nikateremka nikasonya.

"Dereva gani anasafiri na tairi kipara?"

Dereva alikuwa baba wa makamo. "Niwie radhi, binti yangu," akasema, akapiga magoti kwenye vumbi kufungua nati.

Mwenzangu alishakunja mikono ya shati, ameshika spana. Akaniangalia bila ukali. "Mzee ametuendesha vizuri tangu Korogwe. Mpe pole."

Uso ukaniwaka. Siku nzima nimekaa na mizani yangu mkononi, kumbe upande wa pili nimekaa mimi. Nikampa dereva pole, na shikamoo niliyosahau kumpa tangu Korogwe. Akaitikia vizuri, na mwenzangu akainama kwenye tairi anaficha kicheko. Kile kicheko ndicho kilichonituliza.

Nikampigia shangazi pale pale barabarani, nikamwambia waje.

"Una hakika? Umemchunguza vya kutosha?"

"Mimi nimemaliza, shangazi," nikasema. "Tuombe tu na yeye asiwe amenichunguza sana."