Panja za Binti Yake

Pale chuoni wote walimwita Darubini, kuanzia mkuu wa chuo hadi mfagizi, na mwenyewe alishazoea kuitika. Alikuwa amesuka vichwa vya watu zaidi ya nusu ya maisha yake, mpaka vidole vikaanza kufa ganzi na kushindwa hata kushika kitana. Chuo kikampa meza, kiti na kompyuta. Kazi yake ikawa kukagua picha zilizotumwa na wanafunzi wanaosomea ususi wakiwa kwao, mbali na chuo.

Kila mwanafunzi alituma picha za kichwa kimoja: mbele, utosini, kisogoni, panja zote mbili kando ya paji, na moja ya karibu kabisa kwenye mashina. Uso ulikatwa kuanzia nyusi kwenda chini, na badala ya jina kulikuwa na namba. Darubini aliangalia kwanza unadhifu. Njia kati ya misuko zimenyooka? Misuko inalingana unene toka mwanzo hadi ncha? Kuna nywele zilizochomoka? Kama ni dredi, alitazama kama mashina yamegawanywa sawa au kuna lililokonda kama shingo ya kuku, karibu kukatika. Kisha alihamia kwenye kingo, pale nywele zinapoanzia usoni. Hapo ndipo alipokaa muda mrefu.

"Kichwa kinaweza kupendeza na huku kinalia," aliwaambia wakaguzi wenzake.

Alitafuta ngozi iliyoinuliwa kwenye shina la msuko kama hema lililovutwa na kamba. Alitafuta vipele vidogo, nywele fupi zilizokatika, na uwazi kwenye panja. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo alitafuta sehemu iliyokolea rangi kuliko ngozi ya jirani, au inayong'aa bila mafuta. Lakini hakuwa mwepesi wa kuhukumu. Jeli huficha, mwanga wa simu hufuta vivuli, na wapo watu waliozaliwa na paji pana. Akiwa na shaka alirudisha picha na ujumbe mmoja tu: piga tena karibu na dirisha, mchana, bila jeli.

Asubuhi hiyo alifungua kazi mpya na kutabasamu. Mistari ya kulala iliyotoka usoni hadi kisogoni, myembamba, imenyooka kama imepigwa rula. Hakuna unywele uliochomoka. Akaandika alama za juu kabisa upande wa unadhifu, akasogea kwenye panja.

Tabasamu likaisha. Kila shina lilikuwa limeinua ngozi. Kwenye panja ya kulia kulikuwa na vipele vimejipanga kufuata msuko, na nyuma yake uwazi. Mbele kabisa ya uwazi ule ulibaki mstari mwembamba wa nywele laini, kama pindo la nguo iliyochakaa katikati. Aliujua mstari huo. Nywele zile ni fupi mno kushikwa na vidole vya msusi, kwa hiyo hunusurika, huku zilizo nyuma yake zikivutwa mpaka zinaachia. Hilo si jambo la siku moja. Ni miezi.

Akafungua picha ya upande mwingine. Nyuma ya sikio palikuwa na baka la kuzaliwa, dogo, umbo la harage.

Alilijua baka lile. Alikuwa akiliosha kwa sabuni tangu mtoto angali mchanga.

Binti yake alikuwa akiishi kwa mdogo wake Darubini, mji mwingine, kwa sababu shule nzuri ilikuwa huko, na chumba cha Darubini karibu na chuo hakikutosha hata mtu mmoja na kabati. Mdogo wake alikuwa anasomea ususi. Hilo alilijua, na alikuwa ameomba asipewe kazi zake. Ila namba hazina undugu; zilichanganyika, kazi ikamwangukia.

Alijua pia kwamba hakutakiwa kuendelea. Hata hivyo alifungua kazi zote za nyuma zenye namba ile. Kichwa kilekile. Kwenye picha za kwanza njia zilikuwa zimepinda, misuko mingine minene mingine myembamba, lakini panja zimejaa nywele. Kadiri njia zilivyonyooka, ndivyo kingo zilivyorudi nyuma. Mtu aliyetazama unadhifu peke yake angesema mwanafunzi huyu anapanda vizuri.

Akanyanyuka, akaenda kwa Mwalimu, mwanamume mpole aliyesimamia wakaguzi.

"Mwalimu, hiki ni kichwa cha mwanangu."

Mwalimu alivuta kiti, akatazama picha moja moja. Hakumfokea kwa kufungua kazi ya ndugu.

"Umeona sawa," alisema. "Kazi hii naichukua mimi. Wewe nenda kapige simu."

Alipigia simu kwenye ngazi za nje. Mdogo wake alipokea kwa furaha.

"Dada, kwema? Picha zimefika? Kila mtu hapa ananiambia safari hii nimepatia."

"Mtoto panja zimeisha. Hujaona?"

"Panja zake ndivyo zilivyo. Paji la baba yake lile."

"Nimeona picha zako za mwanzo. Halikuwa paji la baba yake."

"Dada, mara ya kwanza nilifelishwa kwa sababu misuko ililegea. Nikakaza. Sasa mnataka nini? Mtu aliye huku mbali ajifunze vipi?"

"Anakuwa na maumivu?"

"Hajawahi kulalamika. Muulize mwenyewe."

Simu ikapewa binti. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kichwa kinauma?"

"Hapana, mama."

"Ukilala?"

"Nalala kifudifudi. Siku za kwanza tu. Ikilegea anafumua, tunaanza upya. Mama, usimgombeze. Mimi ndiye niliyejitolea. Watu wote wanakataa kukaa wasukwe, na mama mdogo ananilisha, ananisomesha. Nilitaka nimfanyie kitu."

Darubini alikaa kwenye ngazi. Alitaka kusema fumua sasa hivi, na alisema, mara tatu, sauti ikipanda kila mara, mpaka mtu aliyepita akageuka. Halafu hakuamini kwamba wangefumua. Aliomba ruhusa akapanda basi. Safari nzima alishika simu mkononi na picha ile wazi, akiivuta karibu, akiiachia, akiivuta tena, kana kwamba kioo kingemwonea huruma.

Alimkuta binti amekaa kwenye kigoda sebuleni, misuko yote bado kichwani. Mdogo wake alisimama mlangoni, macho yamevimba.

"Niliogopa kufumua," alisema. "Nilisema uje uone kwa macho yako, labda picha imedanganya."

Picha haikudanganya. Kama ilikosea, ilipunguza. Darubini alimgeuza mwanawe dirishani. Jeli ilikuwa imefunika usaha kwenye baadhi ya mashina, na kwenye panja ya kulia ngozi ilikuwa laini, inateleza, haina hata vitobo. Nyusi za mtoto zilikuwa zimevutwa juu hivi kwamba alionekana kama mtu aliyeshtuka na kusahau kutulia.

Alijaribu kufumua. Vidole vikagoma. Alishika ncha ya msuko ikateleza, akashika tena ikateleza, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

"Lete," alisema mdogo wake, akapiga magoti.

Mdogo mtu alifumua, mkubwa akashika shina la kila msuko kwa kiganja ili lisivutwe. Misuko ya mbele ilipoachia, nyusi zilishuka, na binti akatoa pumzi ndefu kama mtu aliyetuliwa mzigo. Hapo ndipo mdogo mtu alipoinamisha kichwa magotini pa mtoto.

"Mama mdogo, usilie. Hainiumi sasa," binti alimwambia, akimpapasa mgongo.

Darubini alimwangalia mdogo wake akitamani kumchukia. Ingekuwa rahisi. Lakini alikuwa anajua ni chuo gani kilichoandika "misuko imelegea" bila kueleza tofauti ya kushika na kunyonga. Huenda maneno yale aliyaandika mkaguzi wa meza ya pili kutoka kwake, au yeye mwenyewe.

Walimpeleka kwa daktari wa ngozi, naye akaweka lenzi kwenye panja zote mbili, akachukua muda.

"Kushoto bado naona vitobo vya nywele," alisema. "Vikiachwa vipumzike kuna matumaini. Kulia, hapa katikati, ngozi imefanya kovu. Pembeni yake sina hakika. Vipele nitawapa dawa. Mengine ni kutovuta kabisa na kusubiri. Miezi, si wiki."

"Zitaota?" binti aliuliza.

Alimuuliza mama, si daktari.

"Sijui, mwanangu."

Mwanafunzi mwenye namba ile hakufaulu. Mwalimu alimpa alama zote za unadhifu, akaandika kwa maneno yake mwenyewe kwamba kichwa kimeumizwa. Mdogo mtu hakukata rufaa. Vitana vyake alivitia kwenye mfuko na mfuko akausukuma chini ya kitanda, na dada yake alipomwambia anaweza kujifunza upya kwa mikono myepesi, alitikisa kichwa tu. Binti alibaki pale pale, kwa sababu ya shule na kwa sababu mama hakuwa na mahali pengine pa kumweka. Alianza kujifunga kitambaa cha pamba, kilicholegea. Wenzake darasani walimtania kwamba ameolewa, naye alicheka nao, kisha akarudi nyumbani na kujifungia bafuni.

Kila Jumapili mchana alisimama dirishani, mama mdogo akampiga picha: kushoto, kulia, bila mafuta, umbali uleule. Darubini alizipokea akaziweka kando ya zile za wiki zilizopita.

Ndipo alipogundua kwamba hawezi kuzisoma. Kila picha aliyoifungua aliona nywele. Aliona vinyweleo kwenye kovu, akaviona tena alipofumba macho, kisha akavuta picha karibu na kuona kivuli cha pazia. Siku nyingine hakuona chochote hata upande wa kushoto. Jicho lililosifiwa na chuo kizima halikuweza kusoma kichwa kimoja.

Akachukua simu, akaenda kwa Mwalimu, akaiweka mezani.

"Nisaidie kuona. Mimi naona ninachotaka."

Mwalimu alifungua picha mbili, ya mwezi uliopita na ya jana. Akazilinganisha bila haraka.

"Kushoto, ndiyo. Nywele fupi, changa, zimesimama zenyewe. Hilo ni kweli, si kivuli."

"Na kulia?"

Alivuta picha karibu. Akaigeuzia upande wa mwanga.

"Kulia bado sioni kitu."

Darubini hakuondoka. Alivuta kiti akakaa karibu yake, mikono yake yenye ganzi juu ya magoti.

"Tazama tena," alisema.

Mwalimu akatazama tena.