Kisanduku Kilichosoma Herufi Moja Moja

Skrini ya kompyuta yangu ilikaa imezimwa karibu mwaka mzima, na hilo ndilo lililowatia shaka kwanza wale watu waliokuja kunichukua. Nilikuwa nikiandika programu katika chumba cha nyuma cha ghala la dawa, Mbale, kwenye mtaa wa maduka ya jumla. Programu ilikuwa ya kuonyesha dawa ipi inakaribia kuharibika ili iondoke ghalani kabla ya nyingine. Mimi ni kipofu. Skrini ya nini?

Macho yangu yaliondokea Walukuba, mtaa wa Jinja, nikiwa na miaka kumi na saba. Askari alinipiga kitako cha bunduki juu ya jicho la kulia kwa sababu nilichelewa kuinua mikono. Jicho likapasuka palepale. La kushoto, ambalo hakuna aliyeligusa, likaanza kuwaka na kuuma, na baada ya miezi michache nalo likafa. Daktari alisema hutokea hivyo. Baba yangu alikuwa askari magereza kutoka kaskazini na nyumbani tulizungumza Kiswahili, lugha ya askari, kwa hiyo mimi na yule aliyenipiga tulielewana vizuri kabisa.

Kompyuta nilisomea Kenya. Nilirudi na kisanduku cha plastiki kizito kama tofali, chenye spika ndogo upande mmoja na kebo ya kuunganisha nyuma ya kompyuta. Ndani ya kompyuta kulikuwa na programu ya kusoma skrini: ilichukua maneno yanayoandikwa ikayapeleka kwenye kisanduku, nacho kikayatamka kwa Kiingereza cha kukwaruza. Niliiweka isome kwa kasi, maana sikio likizoea huchoshwa na taratibu. Tena niliiweka itaje kila alama, mabano, nukta, mkato, kwa kuwa katika kazi yangu mkato mmoja ukikosekana programu nzima inakwama. Mtu mwingine akisikiliza hakuambulia neno. Ilikuwa kama mtu anayehesabu misumari mdomoni.

Ghala lilipopata kompyuta mpya, ile ya madirisha na picha, kila mtu alidhani nimekwisha, kwa kuwa ilitaka mausi, kile kipanya cha kuelekezea. Mausi nikaiweka kwenye droo. Nilijifunza kuwa kila walichofanya wao kwa kuelekeza na kubofya, mimi ningeweza kukifanya kwa vitufe: Tab kuruka kutoka sehemu hadi sehemu, Alt kufungua menyu, mishale kupanda na kushuka. Mtunza ghala, mzee wa Kikenya kutoka upande wa Busia, alinisaidia wiki mbili za mwanzo. Alikuwa akiwasha skrini, ananiambia kilichoandikwa pale ambapo kisanduku kilinyamaza, kisha anaizima tena. Aliniita fundi. Mimi nilimwita mzee, ingawa hakunizidi sana.

Walikuja saa nane mchana. Miaka ile mabomu yalikuwa yameanza kutegwa kwenye mabasi na watu walikuwa wakichukuliwa majumbani. Nilisikia viatu vya watu wanne, vya mmoja vizito kuliko vya wengine. Mzee aliuliza wanataka dawa gani. Mwenye viatu vizito akasimama nyuma yangu, akasikiliza kisanduku kikisoma mistari yangu, mabano ya kushoto, nukta mkato, sifuri, mabano ya kulia.

"Hii box naongea na nani?" akauliza kwa Kiswahili cha kambini.

Nikamwambia haiongei na mtu, inanisomea. Akasema skrini imezimwa, inasoma nini? Nikaeleza kwamba mimi sihitaji skrini. Yeye akasikia kipofu anayesema anasoma kitu kisichoonekana, kwa lugha ya namba na alama. Aling'oa kebo, nami nikafanya kosa la kunyoosha mkono kukishika kisanduku. Alinibana mkono wa kulia juu ya meza, akaupiga kwa kitako cha bastola. Mara ya kwanza nilisikia mfupa kabla ya kusikia maumivu. Mara ya pili na ya tatu sikusikia mfupa.

Walituchukua wote wawili pamoja na kompyuta. Tulilazwa kifudifudi nyuma ya pikapu, mtu amekaa na buti lake shingoni mwangu, na njia yote mzee alikuwa akirudia kwa sauti ya chini kwamba yeye ni mtunza ghala tu. Nilijua tumefika Jinja nilipohisi daraja la reli na kusikia watu wakinadi samaki. Baadaye niliambiwa nyumba walimotuingiza ilikuwa Mpumudde, mtaa wa mji huo. Nyumba ya kawaida. Asubuhi tulisikia watoto wa shule wakipita nje wakiimba.

Walianza na mzee, kwa sababu aliona na wakadhani ndiye anayejua. Walitaka aeleze kisanduku kinatuma habari wapi. Alisema kinasoma. Wakampiga kwa waya wa umeme uliosokotwa, nikiwa nimefungwa kwenye nguzo ya veranda ya ndani, hatua tano hivi kutoka alipokuwa. Waliuliza tena, akasema tena kinasoma, na akataja hata vile alivyokuwa akiniwashia skrini. Hilo likawa baya zaidi: kwa nini iwashwe na kuzimwa? Ni ishara? Sauti yake ilibadilika mara mbili siku ile. Mwanzo alijieleza, kisha akaomba, kisha ikabaki pumzi tu. Nilipiga kelele kwamba waniulize mimi. Waliniuliza mimi pia, kwa waya uleule. Kesho yake kabla ya chai walimburuta akapita karibu yangu na visigino vyake vilikuwa vikikwaruza sakafu pamoja, kama vya kitu kimoja. Hakurudi.

Mkubwa wao alifika siku ya tatu. Walimwita afande na wote wakasimama. Sauti yake ilikuwa ya mtu mzima asiye na haraka. Akaniuliza kwa Kiswahili nilizaliwa wapi. Nikamjibu kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, naye akasema, "Wewe ni mtoto ya barracks."

"Nyumba za magereza, afande."

Akaamuru kompyuta iletwe, nionyeshe.

Walikuwa wameiunganisha wenyewe. Nilisikia ikiwaka na kuunguruma, nikasubiri, kisanduku kikakaa kimya. Mwenye viatu vizito akanipiga kofi la sikio na kuwaambia wenzake, mnaona, anadanganya. Nikamwomba afande niguse nyuma ya mashine. Alikubali. Kwa mkono wa kushoto nikapapasa: matundu mawili yanayofanana, kila moja na pini tisa. Katika la kwanza walikuwa wamechomeka mausi waliyoikuta kwenye droo. Kisanduku walikuwa wamekichomeka katika la pili. Programu yangu ilijua tundu la kwanza tu. Ilikuwa ikimsomea mausi. Niliomba wazime, nikabadilisha, nikaomba wawashe. Nilihesabu moyoni. Kisanduku kikakohoa, kikaanza kusema.

Tatizo lililobaki lilikuwa mkono. Karibu kila amri yangu ilitaka vitufe viwili kwa pamoja, na wa kulia ulikuwa umevimba kama mkate, siwezi kuuinua. Kompyuta ile ilikuwa na mpangilio kwa watu wa mkono mmoja: ukiuwasha, unabonyeza kitufe cha kwanza, unakiachia, unabonyeza cha pili, nayo inavihesabu kama vimebonyezwa pamoja. Nilikuwa nimesoma habari zake, sikuwahi kuuhitaji. Huwashwa kwa kubonyeza Shift mara tano. Nikabonyeza. Kompyuta ikatoa mlio mkali wa kupanda, kama filimbi ndogo.

Nilianguka na kiti. Mwenye viatu vizito alikuwa amenipiga teke la mbavu, akasema nimewaita wenzangu. Akanipiga la pili nikiwa chini. Afande akamwambia atoke, akasema mara moja tu, naye akatoka.

Nikainuliwa. Kisanduku kilikuwa bado kikisoma swali lililojitokeza: je, nataka kuwasha mpangilio huo? Nikabonyeza Enter. Nikaeleza kila kitufe kabla ya kukigusa, kama mtu anayevuka barabara na mtoto. Sasa nabonyeza Ctrl, afande, italia kidogo. Naachia. Sasa Esc. Menyu ikafunguka na kisanduku kikaitaja. Niliogopa kugusa vitufe viwili kwa pamoja, kwa sababu ukifanya hivyo mpangilio unajizima. Nilifungua ukurasa mtupu wa kuandikia, nikamwambia aandike chochote, nitakisoma.

Akawasha skrini, akaigeuzia kwake. Akaandika kwa kidole kimoja, polepole. Kisanduku kilijaribu kuyatamka maneno yake, lakini kilijua Kiingereza tu na Kiswahili kilikitoka kama matope. Nikasema nitasoma herufi moja moja. Nikarudi mwanzo wa mstari kwa kitufe cha Home, kisha nikawa nabonyeza mshale wa kulia, kisanduku kinataja herufi, mimi naitaja baada yake.

H, u, y, u. Nafasi. A, n, a, k, u, f, a.

Hapo kidole changu kilisimama. Nilijua anaangalia uso wangu. Kama ningeruka neno, ningekuwa mwongo. Kama ningelia, sijui ningekuwa nini. Nikaendelea. Nafasi. L, e, o.

"Sema yote pamoja," alisema.

"Huyu anakufa leo."

Alikaa. Nikasikia kiti chake kikilalamika. Akaandika tena, mara hii namba za gari na jina la mtu nisiyemjua, nikazisoma. Akazima mashine, nikasikia bisibisi ikifungua kisanduku, kisha kidole chake kikigonga-gonga vilivyomo ndani.

"Hii haina antena," akasema, kwa wale waliosimama mlangoni. "Nasoma tu. Yule mzee alisema nini?"

Nilisikia viatu vikisogea mlangoni.

"Nauliza yule mzee alisema nini."

"Alisema nasoma, afande," mmoja akajibu.

Waliniacha kituo cha teksi cha Jinja saa kumi jioni, kompyuta miguuni, kisanduku kwapani kikiwa na skrubu mbili badala ya nne. Mwanamke muuza chapati aliniosha damu ya sikio kwa maji ya birika.

Mkono uliunga vibaya. Ilinichukua karibu mwaka kuimaliza ile programu kwa mkono wa kushoto na mpangilio uleule, ila milio yake niliizima yote siku ya kwanza, kwa sababu kila ulipolia niliinama chini ya meza kabla sijajua nimeinama. Mwenye ghala, mama Mwislamu wa mjini aliyekuwa amezunguka vituo vyote vya polisi akitutafuta, aliniongoza yeye mwenyewe hadi Busia.

Mjane wa mzee alitukaribisha. Maiti hawakuwa wamepewa. Alitaka kujua mumewe alisema nini mwishoni, na kama aliwataja watu ili aachwe. Nilimwambia hakumtaja mtu. Nilimwambia alichosema kilikuwa kweli tangu mwanzo, na kwamba mimi ndiye niliyechelewa kuulizwa.

"Wewe ulikuwepo?" akauliza.

"Nilikuwepo, mama. Nilisikia yote."

Akavuta kigoda chake karibu na changu, akanishika mkono ule uliopinda, akasema nimwambie yote basi, nisiruke kitu. Nikamwambia.