Mboto Ni Nani

Mwaka niliofanya staji, mazoezi ya ualimu, hapa Kindu, kila kitu nilikitaka jana. Kazi yangu ya mwisho ilikuwa juu ya watoto wa mwaka wa ine wa shule ya msingi: sababu gani wanaogopa kusoma kwa sauti. Direktere wa masomo alikubali, nikaona imeisha. Nikaandika "Liste", orodha ya majina, juu ya karatasi moja, ili wazazi wote watie jina na sinyatire, sahihi yao.

Mwalimu mwenye kuniongoza alikuwa ameniambia wazi: mzazi akubali, mutoto naye akubali, na wote wajue wanaweza kuacha. Nilisikia na sikio moja.

Kule mtaani Mikelenge nilikuta koko, nyanya wa mutoto moja, anamenya muhogo. Karatasi hakuigusa.

"Hiyo njo nini?"

"Liste tu, koko."

"Wakati ya vita pia walipita na liste tu. Bwana yangu alikuwa wa pili. Walirudi nayo, wakaita majina kama mwalimu asubuhi. Hajarudi mpaka leo."

Mutoto alisimama mlangoni. Darasani hafungui kinywa, lakini kwangu alitaka kusema. Koko akikataa, maneno yake yatabaki palepale.

Nikapasua karatasi. Nikaanza upya: nitauliza nini, nitaandika nini, nani atasoma. Koko angekubali kwa kinywa, mbele ya jirani, nami niweke alama tu, bila jina.

"Na akichoka?"

"Anaacha, koko. Sitamuuliza sababu."

Akamugeukia mutoto. "Na weye?"

"Ninataka. Lakini niitwe Mboto, kama ile samaki. Iko na mifupa mingi, haimezwi mbio."

Nyuma ya siku kumi niliwasomea nilichoandika: Mboto, mwenye kuuza mikate ya muhogo ku gare ya treni. Koko akacheka mpaka kisu kikaanguka.

"Samaki anauza mikate yangu? Hata mashinisti wa treni atamujua."

Nikafuta mikate, nikafuta gare.

Mboto alikuwa amesema: "Nikikosa neno, mwalimu anacheka wa kwanza." Direktere alisoma hayo, akaniita.

"Mboto ni nani? Mimi njo nilikupa ruhusa."

"Ulinipa ruhusa ya kuingia darasani, Bwana Direktere. Jina siyo langu, siwezi kulitoa."

Akatazama darasa kupitia dirisha, benchi kwa benchi. "Hapa kila moja anaweza kuwa Mboto."

"Ndiyo, Bwana Direktere."

Juma lile aliita walimu wote, akakataza kucheka mutoto anayesoma. Kazi yangu ilipita. Kisha siku moja, nikipita nje ya darasa, nikasikia sauti niliyoijua inasoma ukurasa mzima. Ilikosa neno mara mbili, ikaendelea. Nilirudi nyumbani kama mwenye kubeba kombe.

Kabla ya kuandika haya niliwauliza tena, yeye na koko. Wamekubali. Ile mikate, hata hapa, siyo mikate: nimeweka kitu kingine, asijulikane.