Maikrowevu Ilipopigwa Nyungu

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na walimu tuna ugonjwa wa kudhani kila kitu kinafundishika. Ndivyo nilivyodhani hata kwa mama yangu, alipokuja kukaa kwangu Korogwe akitokea Sindeni, akili zikiwa zimeanza kumpotea.

Mama alikuwa mtu wa jikoni. Ukimwambia akae sebuleni apumzike, anakuangalia kama umemtukana. Lakini siku moja nilirudi nikakuta mtungi wa gesi umefunguliwa, moto haujawashwa, nyumba nzima inanuka, naye amekaa mlangoni anachambua mchele. Nikauondoa mtungi, nikaficha viberiti, na mkaa nikampa jirani. Kaka yangu akaleta maikrowevu. Tukamfundisha mama kitufe kimoja tu: bonyeza mara moja ni dakika moja, mara mbili ni mbili. Akaweza. Uji wake akawa anapasha mwenyewe, maharage yake mwenyewe, na nikirudi mchana ananikaribisha, "Karibu mwanangu, chakula kipo." Jikoni ndipo mahali pekee palipobaki duniani ambapo mama yangu alikuwa mwenye nyumba. Nilijua kabisa kwamba hiyo mashine ikimshinda, itabidi nimfungie mlango wa jikoni asiingie.

Sasa mama hakuwa anafunika chakula. Maharage yakipata moto yanaruka, uji unafura na kumwagika, na yeye akimaliza anafunga mlango basi. Mimi nami, mvivu nisiyejificha, nilikuwa nasema nitaisafisha Jumamosi. Jumamosi zikapita. Ndani kukawa na madoa yaliyookwa juu ya madoa, dari limekuwa la kahawia, ukipasha chai inanuka maharage ya juzi. Halafu ikaanza kutoa harufu ya kuungua. Fundi wa vifaa vya umeme kule stendi alinisikiliza, akatikisa kichwa. "Mwalimu, hayo mabaki yakiendelea kuungua pale ubavuni yatatoboa kile kikaratasi kinachokinga tundu la mawimbi, itaanza kupiga cheche. Na usiparue kwa kisu wala stiliwaya, utachubua rangi. Ichemshie maji humo ndani. Mvuke ndio utalainisha."

Jumamosi hiyo nikamwita mama tufanye wote. Nikamwambia alete bakuli. Akaleta lile lake jeupe lenye ua la bluu, alilohamia nalo kijiji cha ujamaa. Nikamzuia mkono.

"Hilo hapana, mama. Ni bati hilo, limepakwa tu. Humo ndani bati linapiga cheche."

"Bati gani? Hili la udongo," akasema. Kweli ukilitazama utadhani la udongo, ila pembeni lilikuwa limebanduka na chuma kinaonekana. Nikamwonyesha. Akalifuta kwa kanga, akalirudisha kabatini huku ananuna.

Nikachukua bakuli la kioo. Maji kikombe kimoja, limau moja nimelikamulia na maganda yake nikayatumbukiza, siki kijiko kimoja. Nikaweka na kijiko cha mti ndani ya maji, maana fundi alinionya kwamba maji ya humo yanaweza kutulia tuli kumbe yamepita kuchemka, ukiyagusa yanakurukia usoni. Nikabonyeza dakika tano. Kioo cha mlango kikajaa ukungu, matone yakaanza kuteremka. Ilipolia, mama akanyoosha mkono afungue.

"Bado, mama. Tuiache imefungwa kama dakika kumi."

"Kwa nini, na imeshalia?"

Nikaeleza mambo ya mvuke na mafuta kukauka, nikaeleza tena, kama niko darasa la nne. Hakuelewa hata moja. Mkono ukawa unarudi palepale mlangoni. Nami nikaishiwa, nikasema neno lililokuja lenyewe: "Mama, tumeipiga nyungu."

Uso wake ukabadilika. Nyungu anaijua. Mtu ana homa, unachemsha majani chunguni, unamfunika na blanketi yeye na chungu, na humfunui mpaka jasho limtoke.

"Ungesema hivyo tangu mwanzo," akasema. Akavuta kigoda, akakaa, akangoja bila kunyanyuka.

Nikachomoa waya ukutani, nikalitoa bakuli kwa kitambaa kinene, nikampa mama tambara laini. Uchafu wa miezi ulitoka kama utandu wa maziwa. Dari, pembe, nyuma ya mlango, kote. Ile sahani ya kuzunguka nikaiosha kwa sabuni. Doa moja gumu tukaliwekea tambara lililochovywa kwenye yale maji ya limau, tukalikandamiza kidogo, likalegea. Mama akacheka. "Mgonjwa kapona," akasema. Nilifurahi, jamani. Nilijiona mwalimu kweli. Nikamwambia kila ikichafuka tutaipiga nyungu.

Nilimpa neno bila kujua anakwenda nalo wapi.

Jumatano iliyofuata nilirudi mchana, hakuna aliyenikaribisha. Nikamkuta jikoni amekaa kwenye kigoda mbele ya maikrowevu. Ameifunika yote na blanketi lake la kulalia, mikono miwili ameishikilia kwa nje. Nilipoweka kiganja juu ya blanketi lilikuwa la moto, na harufu ya sufu iliyokaribia kuungua ilikuwa imeshaenea. Nikachomoa waya haraka.

"Shikamoo mama. Umefanya nini?"

"Usimfunue. Hajatoka jasho."

"Nani?"

"Mtoto." Aliniangalia bila kunijua. "Waambie wenye lori wangoje kidogo. Nikimtoa sasa hivi atapigwa na upepo."

Dada yangu aliyenitangulia kuzaliwa sikumwona. Shangazi ndiye aliyenisimulia, mara moja tu, kwamba siku watu wa kitongoji chao wanahamishiwa kijiji cha ujamaa kwa malori, mtoto alikuwa na homa, mama alikuwa amemweka kwenye nyungu, na wakaambiwa wapande gari. Wakapanda. Wiki hiyo haikuisha, mtoto akafariki. Mama mwenyewe hakuwahi kunitamkia habari hiyo maisha yangu yote.

Ningemwambia nini? Kwamba hii ni mashine? Kwamba magari yale yalishaondoka, na mimi mwenyewe nakaribia kustaafu? Nikachuchumaa pembeni yake, tukangoja.

"Angalia," akasema baadaye.

Nikainua blanketi, nikafungua mlango. Ndani kulikuwa na bakuli la kioo, maji, limau, na kijiko cha mti, kila kitu kama nilivyomfundisha. Nikapitisha kidole darini.

"Jasho limemtoka, mama."

"Basi mfute. Mkaushe vizuri."

Nikachukua tambara nikaifuta, na yeye anafuata mkono wangu kwa macho. Kulikuwa hakuna doa. Nilifuta hivyohivyo, taratibu, mpaka pembe za mlango, nikalia bila kutoa sauti.

Jioni nikaweka kufuli mlango wa jikoni. Sikuwa na njia nyingine. Lile blanketi lingeshika moto siku niko darasani.

Asubuhi nilimkuta amesimama nje ya mlango ule, amejifunga kanga vizuri kama mtu aliyekwenda kumjulia hali mgonjwa nyumba ya watu. Akagonga.

"Hodi," akasema. Akangoja, akagonga tena. Aliponiona akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba mimi ndiye mwenye nyumba, "Mama, eti mtoto kaamkaje?"

"Kaamka salama."

"Basi nifungulie nimwone."