Nne Badala ya A

Mchana wa Butembo, saa za salamu, redio yetu ilikuwa na usingizi wake. Ukungu wa asubuhi ulikuwa umekwisha kupanda milimani, jua limeingia dirishani kwa uvivu, na mashine zinanguruma kidogo kidogo. Mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki, simu ndogo ya vitufe mkononi, nikichambua mesaji za wasikilizaji kama mtu anayechambua maharage. Hii isomwe, hii itupwe.

Watu wanatuma kila kitu kwa redio. Mmoja anamsalimu shemeji yake wa Kanyabayonga, mwingine mbuzi wake amepotea Masereka na anaomba aliyemwona aseme ukweli. Na barabara ya Beni ikikatika, ndipo mesaji zinakuja kama mvua: niko muzima, niko kwa masista, muambieni baba asilie. Sisi tunazisoma zote hewani, na mji mzima unanyamaza kusikiliza kama jina la mtu wake litatajwa.

Simu ile ilikuwa na kumbukumbu fupi kuliko mlevi. Ikijaa, haipokei tena. Kwa hiyo kila siku kabla ya kipindi nilifuta takataka, na takataka nilizifahamu kwa sura. Simu ya vitufe iliyokaa mfukoni ikajiandikia yenyewe inakuletea adgjmptw, kwa sababu hizo ndizo herufi za kwanza za kila kitufe, mbili mpaka tisa, au inang'ang'ania kitufe kimoja mpaka uchoke: mmmnnmo. Simu kubwa ya kioo iliyochezewa na mtoto inaleta herufi za majirani, ghjjkkl, kidole kimeteleza tu pale kilipoangukia. Na mzee anayebonyeza kwa nguvu, anasahau kuachia, anakutolea tarakimu ya kitufe chenyewe. Anataka mama, anaandika m2m2, maana A inakaa kwenye kitufe cha mbili. Huyo simfuti. Huyo namsoma vizuri, na heshima zake zote.

Basi, siku zile mimi nilikuwa na hasira na dunia nzima. Mdogo wangu wa kike, aliyenifuata ziwa, alikuwa ameenda Beni kununua kakao vijijini. Kukatokea yale yanayotokea upande ule, wenye mapanga na bunduki wakavamia vijiji, watu wakakimbia, barabara ikafungwa, na simu yake ikawa haipiti. Tulimngoja. Dereva mmoja wa lori akaja na habari kwamba kundi la wafanyabiashara aliokuwa nao halikuonekana tena.

Halafu, kwenye simu ya jirani yetu, ikaingia mesaji iliyoandikwa vizuri kabisa, kila herufi mahali pake: «Mama, mimi mutoto wako, niko muzima, tuma unite.» Mama alipiga magoti palepale barazani, akataka tutume haraka hizo unite, pesa za simu. Mimi nikajibu namba ile: kama ni wewe, shangazi yetu wa Lubero anafuga nini? Kimya. Nikauliza tena. Kimya mpaka leo. Mwizi mshenzi, namlaani hata sasa ninapoandika. Kuanzia pale Mama hakutaka tena kusikia habari ya maandishi. Alisema: «Maneno ya ku simu, hata shetani anajua kuyaandika.»

Shangazi wakateremka kutoka Masereka na mikeka yao. Padri akaombwa misa. Nilipoona wanatandika majani ya kilio uwani, nilichukua mkoba wangu nikatoka. «Mulie ninyi,» nikawaambia, «mimi niko na kazi.» Wakaniita mtoto asiye na moyo. Ee Mungu, moyo ndio uliokuwa unanikimbiza.

Basi nikakaa pale redioni, macho wazi lakini nimelala. Mtangazaji mwenzangu, baba mmoja wa Kisangani aliyeletwa huku na kazi ya mkewe mwalimu, alikuwa ananichungulia begani, anasubiri nimalize kufuta. Ikaingia mesaji kutoka namba nisiyoijua.

M4M4 N1K0 MUZ1M4. N1L1P0T3Z4 51MU. N4KUY4. KUKU Y4NGU MU51KUL3.

«Efface, futa,» akasema. «Hiyo ni simu ya mu mufuko. Mais angalia, namba na herufi, mchanganyiko tu. Tuko na dakika kidogo.»

Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kufuta. Namwambia kila mtu, kilikuwa tayari. Lakini ile nne ilinitazama. Nikasema polepole, kama mtu anayeongea ndotoni: «Mufuko hapana. Mufuko haujui kuacha nafasi kati ya maneno.»

«Donc ni muzee mwenye vidole vizito.»

«Muzee angeandika mbili. A iko ku mbili. Nne iko na G, H na I. Mutu akitaka A, aangukie nne namna gani? Na I inakaa ku nne, lakini huyu anaweka moja. O iko ku sita, anaweka sifuri. Moja na sifuri hazina hata herufi! Ni mutu anakwenda kuzitafuta mwenyewe, kila mara, kwa sababu zinafanana ku macho. Nne ni A iliyofunga kamba kiunoni. Tatu ni E iliyogeuka. Tano ni S.»

«Tatu ni kwenye E inakaa,» akasema, maana naye si mjinga.

«Tatu peke yake ingeweza kuwa bahati. Zingine hapana.»

Mashine zikaendelea kunguruma. Mimi nilikuwa nimekwisha kuondoka pale kwa akili, niko nyumbani kwetu zamani, wasichana wawili chini ya blanketi moja la baridi ya Butembo, simu moja ya kaka yetu, na mdogo wangu anaandika hivi hivi kwa mapozi, kila A nne, kila I moja, lakini T hakuigeuza kuwa saba kama wengine, alisema saba ni mbaya, inamkumbusha mwalimu wa hesabu. Angalia: N1L1P0T3Z4. T imekaa palepale, nzima.

«Hata mwizi anaweza kuandika hivyo,» akasema mwenzangu kwa sauti ya chini. Alikuwa ananihurumia, nilimwona. «Batoto benyi banaandikaka vile. Usijipe moyo bure, mama.»

Ni kweli. Vijana wengi wanaandika hivyo, Butembo na Beni na Goma. Na mimi nilikuwa nimekwisha kuchomwa mara moja. Nikaandika, nikishikilia kitufe mpaka kila tarakimu itoke: KUKU G4N1?

Tulingoja jibu. Wimbo wa kwaya ulikuwa unapigwa hewani, ukaisha, mwenzangu akaweka mwingine. Nilisikia sauti za waimbaji kama zinatoka chini ya maji.

NY3KUNDU 5H1NG0 TUPU. U51N1CH0K35H3.

Ndiye, kuku wake aliyefungwa mlangoni kwetu. Nilicheka, nikalia, sijui kipi kilitangulia. Usinichokeshe! Nani mwingine duniani, baada ya kukimbia porini, kwa simu ya kuazima, angemtukana dada yake kwa herufi sita tu za kweli? Baadaye alinieleza kwamba simu ile ilikuwa ya askari mmoja kwenye kizuizi, na kwamba namba zetu zote zilipotea na simu yake, akabaki na moja tu kichwani, ile ya redio, kwa sababu tunaiimba hewani kila siku mpaka watu wanaichukia.

Mwenzangu aliniuliza aisome vipi. Nikamwambia asome kama Kiswahili cha kawaida, mama niko muzima, nilipoteza simu, nakuya, kuku yangu musikule, watu watafurahi. Akafungua maikrofoni, na mimi nikakumbuka kitu kingine. Kwetu redio ilikuwa imezimwa. Nyumba yenye kilio haiwashi redio. Mji mzima ungesikia kwamba mtoto yuko hai, isipokuwa mama yake.

Nilipanda pikipiki ya kwanza. Dereva wake alikuwa anasikiliza redio yetu kwa simu, akanigeukia: «Umesikia? Kuko mutoto wa Beni anasema basikule kuku yake!» Anacheka peke yake. Tulipita mikaratusi, vumbi jekundu limesimama hewani halitaki kushuka, na kila kitu kilionekana mbali na polepole, hata mimi mwenyewe.

Lupango yetu, nyumba na ua wake, ilikuwa imejaa. Watu wa jumuiya, wanawake wa soko, majirani ambao sikujua wanatupenda. Nilipita katikati yao nikipiga kelele, yuko muzima, yuko muzima, na shangazi mmoja akanishika akidhani nimepata kichaa. Mama alikuwa ameketi chini, kitambaa kichwani. Nilimsogezea simu. Aliisukuma.

«Ni ile ile ya yule mwizi,» akasema.

«Hapana, Mama. Sikiliza.» Nikamsomea pale aliposema kuku. Nyekundu, shingo tupu. Usinichokeshe.

Uso wake ulifunguka. Kweli, niliuona ukifunguka. Halafu akageuza macho kuelekea jikoni, na mimi nikafuata macho yake, na harufu ikanifikia. Wageni wa kilio lazima wale. Kuku ilikuwa chunguni.

Hakulia kwa furaha, Mama yangu. Alilia kwa aibu. Alinishika mkono kwa nguvu akasema pole pole wengine wasisikie: «Nilikuwa nimekwisha kumuzika mu roho. Niliacha kumuombea arudi, nikamuombea apumzike. Nitamuangalia namna gani?»

Nikakaa naye palepale kwenye majani, wakati shangazi wanapiga vigelegele na kukunja mikeka.

Mdogo wangu alikuja barabara ilipofunguliwa, juu ya magunia ya kakao, amekonda, anachechemea. Kabla ya siku hiyo Mama alikuwa amezunguka masoko yote mpaka akapata kuku mwingine mwekundu mwenye shingo tupu. Akamfunga mlangoni, mahali pa yule wa zamani.

Mdogo wangu alituumiza kwa kutukumbatia. Kisha akamwona kuku. Alimtazama kitambo, akamtazama Mama, akatazama ua, majani yaliyokauka ambayo hatukuwa tumeyatupa yote.

«Balikuya bengi?» akauliza mdogo wangu.

«Bengi,» akasema Mama. «Lupango yote ilijaa.»

«Balilia?»

«Balilia, mwanangu. Mimi niliwapita bote.»

Mdogo wangu alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa habari nzuri ambayo hakuitegemea. Alivua viatu, akakaa karibu na Mama, akaomba maji ya kunywa.