Nilimwachia baba mkwe ashinde, naona aibu hadi leo

Niaje wakuu. Tumesoma nyuzi nyingi hapa za watu kulia na game za simu, eti zinaonea. Acha mama mzee niwaambie yaliyonipata miaka ya sabini. Sitaongeza chumvi, maana hii stori hainipambi hata kidogo.

Nilikuwa napanga herufi kwenye press moja ya uchapaji pale River Road, Nairobi. Kwetu ni magharibi. Mchumba wangu Mbugua alikuwa wa Muthangari, watu wa shamba na nyumba za kupangisha, na baba yake hakuwa amekubali aoe msichana wa mbali. Jumapili moja nikaitwa kwao kuonwa.

Nikasema siendi mikono mitupu. Kwa mabaki ya kadibodi nikatengeneza game, Safari ya Kisumu. Unarusha dadu moja, unasogea kutoka Nairobi, na wa kwanza kufika Kisumu ndiye mshindi. Ukikanyaga nyota, unaokota kikadi kilichofunikwa.

Tulipofika kwao nikacheza na mzee, baba yake Mbugua, naye alitangulia tangu mwanzo. Akiwa amebakisha hatua moja, akakanyaga nyota. Kikadi kikasema: Daraja limebebwa na maji, rudi Nairobi.

Mimi nikacheka. Kwa sauti, wakuu! Nyumba ya watu!

Mzee akaniangalia. "Wewe msichana, mimi nimekosa wapi?"

Na kweli, dadu ilianguka ilivyotaka, kikadi kilifichwa, yeye hakuchagua kitu hata kimoja. Akaacha chai yake na kutoka nje. Mama mkwe akaanza kukusanya vikombe bila kunitazama. Nilitamani ardhi inimeze.

Mbugua alipokuwa akinisindikiza tulimkuta mzee kibarazani na ndugu yake, wanacheza drafti kwa vifuniko vya soda. Ndugu akasukuma kete mbele, ya bure kabisa. Kwenye drafti kula ni lazima, kwa hivyo mzee akala. Kumbe kete iliyokula ndiyo ilikuwa inalinda nyuma. Ndugu akaruka tatu kwa mpigo na kuingia king.

Nikajua leo patachimbika. Mzee akacheka! Akarudisha kete, akaonyesha kwa kidole: "Hapa. Nilitoa hii ya pembeni mapema, nyuma ikabaki na mlinzi mmoja. Nimejiua mwenyewe."

Alikuwa amepigwa vibaya kuliko pale mezani. Lakini sheria aliijua kabla, kete zote alikuwa anaziona, na kosa lake aliliona kwa macho yake. Kesho hatalirudia. Kwangu angejifunza nini? Asiokote kikadi?

Nikarudi kazini kichwa kimejaa. Vikadi nikatupa vyote. Nikachora barabara mbili: ya lami, ndefu na salama, na ya mkato yenye matope ya kahawia ambayo kila mtu anayaona. Dadu zikawa mbili, unachagua utumie ipi. Luck ilibaki, ila sasa inakuletea swali na wewe ndiye unajibu. Na ukiingia matope unakosa zamu moja tu. Adhabu ilingane na kosa, jameni, si safari nzima ifutwe.

Nikaomba nafasi ya pili. Mbugua alibembeleza kwao wiki kadhaa.

Siku hiyo mzee alicheza vizuri, lakini mimi nilikuwa mbele kidogo. Nikarusha: nne na mbili. Nne inanifikisha Kisumu. Mbili inanitia matopeni.

Nikaiwaza ndoa yangu. Nikachagua mbili.

"Haiya," nikasema, "nimeteleza!"

Zamu yake akafika, akashinda. Hakufurahi. Akaziangalia dadu zangu, bado ziko pale mezani, nne na mbili.

"Ile siku ya kwanza ni karatasi ilinionea," akasema polepole. "Leo ni wewe."

Wakuu, sijawahi kuona aibu kama hiyo. Game niliyoitengeneza kwa mikono yangu ili kila mtu aone kosa lake ndiyo iliyonianika. Kwenye ile ya vikadi ningeweza kujificha nyuma ya bahati. Hapa kila chaguo liko wazi, hata la uongo.

Nikaomba msamaha, machozi yananitoka. Mzee akasukuma dadu kwangu. "Panga tena. Na ucheze."

Nikacheza kweli, nikamshinda. Akanipa mkono, kisha akamwita mkewe alete chai nyingine.

Tulioana, na alikuwa baba kwangu mpaka alipozikwa. Lakini nikikumbuka ile mbili, uso bado unanichoma. Kushindwa kwa haki ni kuambiwa wewe ni mtu mzima, unaweza kukosea na unaweza kurekebisha. Mimi nilimnyima mzee hilo. Ilikuwa dharau, na mimi nikaiita heshima.

Haya, semeni na nyinyi. Nani alishawahi kuachiwa ashinde, na ulijuaje? Matusi pia nitapokea, nimezoea.